Pazia la Mlangoni: Kwa Nini Sifungui Faili la Mwenzako

(Hotuba iliyotolewa na ofisa TEHAMA kwenye semina ya wahasibu na makarani wa vyama vya akiba na mikopo)

Ndugu mwenyekiti, ndugu wahasibu, ndugu makarani wa mikopo, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za asubuhi kwa wote.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wenu mmeshaniletea mezani kwa sauti ya chini. Mtu anaingia, anafunga mlango nyuma yake, anaweka kompyuta mpakato mbele yangu na kusema, "Kaka, hebu nifungulie hii mara moja." Ni faili la Excel lililowekwa nenosiri, na mwenye nenosiri hayupo. Nami husema siwezi kulifungua. Wapo waliotoka wakidhani sijui kazi. Wapo waliotoka wakidhani nina chuki nao. Leo nataka niwaeleze kinachonizuia, na nitaanza na kisa kimoja chenye tarakimu, kwa sababu nyinyi ni watu wa hesabu.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Julai, katika chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho sitakitaja. Bodi ilikuwa imekaa mwezi Juni na kuamua kwamba riba ya mikopo ishuke kutoka asilimia 18 kwa mwaka hadi asilimia 15. Karani wa mikopo, kijana mwaminifu na mchapakazi, alipewa barua ya uamuzi na kuambiwa aanze kuutekeleza. Akafungua faili ambalo chama kizima kinalitegemea, akaenda kwenye seli ambayo riba imeandikwa, akaandika 15 pale palipokuwa na 18. Faili likakataa. Likamwambia kwamba shiti ile imelindwa, na kama anataka kubadilisha kitu aondoe ulinzi kwanza, huenda akaombwa nenosiri.

Nenosiri alikuwa nalo mhasibu. Mhasibu alikuwa na mtoto wa wiki tatu, yuko nyumbani kwenye likizo yake ya uzazi ya siku 84. Yule kijana alikuwa na adabu ya kutotaka kumsumbua mama mzazi kwa simu za ofisini. Akaja kwangu. Nisikilizeni vizuri hapa: kijana yule hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa na barua halali ya bodi mkononi. Alichotaka ni kubadilisha seli moja tu, tarakimu mbili tu.

Sasa tutazame seli ile ilikuwa inafanya nini. Fomula ya riba ya mwezi kwa kila mkopo ilikuwa hivi:

```
=C8*$B$3/12
```

`C8` ni baki la mkopo mwanzoni mwa mwezi, na `$B$3` ni riba ya mwaka, ile asilimia 18. Alama za dola zina maana kwamba hata fomula ikinakiliwa mstari wa mia moja, bado itarudi kuangalia seli ileile moja. Maana yake kila mkopo ndani ya shiti ile, wa zamani na wa karibuni, ulikuwa unachota riba yake kutoka kisima kimoja.

Chukueni mwanachama mmoja aliyekopa shilingi 3,600,000 mwezi Machi kwa miezi 12, riba ikihesabiwa kwenye baki. Kila mwezi anarudisha shilingi 300,000 za mkopo wenyewe. Kwa asilimia 18 kwa mwaka, yaani moja na nusu kwa mwezi, mwezi wa kwanza alilipa riba ya 54,000, wa pili 49,500, wa tatu 45,000, wa nne 40,500. Jumla amelipa riba ya 189,000, na risiti anazo. Sasa badilisha ile seli iwe 15. Papo hapo miezi ileile minne inasomeka 45,000, 41,250, 37,500 na 33,750. Jumla 157,500. Faili linasema mwanachama huyu alipaswa kulipa shilingi 31,500 pungufu ya alizolipa, na leja haikubaliani tena na risiti. Hakuna aliyekosea kulipa. Mkataba wake ulisema 18, alilipa 18. Uamuzi wa bodi ulihusu mikopo mipya kuanzia Julai 1. Na katika shiti ile kulikuwa na mikopo zaidi ya mia mbili.

Mhasibu alijua hilo. Ndiyo maana aliifunga seli ile.

Mimi sikulijua wakati kijana anakaa mbele yangu, na hapa ndipo moyo wa maneno yangu ya leo ulipo. Sikuwa nimeipitia fomula. Sikuwa najua mikataba ya mikopo yao. Nilichokuwa nakijua ni kimoja: kuna mtu aliketi, akachagua seli hizi zifungwe na zile zibaki wazi, akaandika nenosiri mara mbili. Mtu hafanyi hivyo kwa bahati mbaya. Kufuli ni neno ambalo mwenye faili ameliacha mezani kabla ya kuondoka, na neno hilo halisemi sababu yake. Anayeijua sababu ni yeye. Mimi fundi ninaweza kujua namna kufuli linavyofanya kazi na bado nisijue hata kidogo kwa nini liko hapo.

Nilimwambia kijana, "Mdogo wangu, hili sitalifungua, maana si langu wala si lako. Lakini hutoki hapa bila njia. Tumwandikie mwenyewe, na wakati tunamngoja tumwone meneja." Tukamwandikia mhasibu ujumbe mfupi, nao nitaurudia baadaye. Kisha tukaenda kwa meneja. Meneja akafungua droo, akatoa karatasi za makabidhiano ambazo mhasibu alimwachia kabla ya kwenda likizo. Ukurasa wa pili, mstari wa katikati, ulikuwa umeandikwa kwamba riba ikibadilika, mikopo mipya iingizwe kwenye shiti ya pili, ambayo ipo ndani ya faili lilelile, ina seli yake ya riba, na haijafungwa. Jioni mhasibu mwenyewe akajibu kwa ujumbe wa sauti, mtoto analia kwa nyuma, akisema jambo lilelile na kuongeza, "Hiyo ya kwanza msiiguse, ndiyo wakaguzi watakayoilinganisha na mikataba."

Jibu lilikuwa umbali wa milango miwili muda wote ule.

Ndugu zangu, naomba niseme kidogo kuhusu makufuli yenyewe, kwa sababu kuna dhana moja inayowaponza watu wazuri. Excel ina makufuli ya namna mbalimbali, nasi tunayaita yote "nenosiri" kana kwamba ni kitu kimoja. Lile la kwanza, ambalo ndilo lililomkataa kijana wetu, huwekwa kupitia `Review` na kisha `Protect Sheet`. Unaiona shiti, unazisoma tarakimu, ila huwezi kuandika kwenye seli zilizofungwa. Kampuni iliyotengeneza Excel yenyewe inasema wazi katika maelezo yake kwamba ulinzi huu wa shiti haukukusudiwa kuwa ulinzi wa usalama. Yaliyomo hayakufichwa. Umewekwa ili mtu asifute fomula kwa kuteleza kidole, au asibadilishe mahali ambapo mwenye kazi hataki pabadilishwe.

Kwa hiyo ni kufuli jepesi, na wengi mnajua ni jepesi. Mmesikia kwa fundi wa mtaani kwamba linatoka haraka. Hapo ndipo dhana inapoingia: kama linatoka kirahisi, basi si kosa kulitoa. Sasa nawauliza, nyumbani kwetu pwani, na hata huku bara, mlango wa chumba mara ngapi huwa na pazia tu? Pazia halizuii mtu. Mtoto wa miaka miwili anapita. Lakini mtu mzima akifika penye pazia, anasimama. Anasema hodi. Asipojibiwa anasema tena, na mara ya tatu akikosa jibu anarudi alikotoka. Hakuna anayesema, "Pazia lenyewe jepesi, nimeingia." Wepesi wa pazia haujawahi kuwa ruhusa. Unaonyesha tu kwamba mwenye chumba aliwaamini watu wa nyumba.

Kufuli la pili ni lile linaloruhusu kusoma bila kubadilisha. Ukifungua faili linakuuliza nenosiri la kuhariri, na pembeni kuna kitufe cha `Read Only`. Nalitaja kwa sababu moja: mara nyingi anayekuja kwangu anahitaji kusoma tu, na uwezo huo alishapewa na mwenye faili. Bonyeza kitufe kile, soma, chukua tarakimu unayohitaji, funga. Nimewahi kuletewa faili la namna hii na mtu aliyelikodolea macho nusu siku akidhani limefungwa kabisa.

La tatu ni zito. Huwekwa kupitia `File`, `Info`, `Protect Workbook`, kisha `Encrypt with Password`. Hapa bila nenosiri huoni kitu, kwa maana yaliyomo yote yamevurugwa kwa hesabu na kuwa herufi zisizosomeka, na nenosiri ndilo linalozirudisha. Katika matoleo ya Excel ya miaka ya karibuni, kila unapojaribu nenosiri, programu hulizungusha kwenye hesabu mara 100,000 kabla ya kukwambia ndiyo au hapana. Wewe unayeandika mara moja hulioni hilo, ni kufumba na kufumbua. Lakini mwizi anayetaka kujaribu mamilioni ya maneno linamchelewesha. Nenosiri la herufi na tarakimu nane zilizochanganywa kweli, kubwa na ndogo, lina namna zaidi ya trilioni 218. Mashine ikijaribu 10,000 kila sekunde bila kupumzika, kuzimaliza zote ni karibu miaka 690. Nenosiri dhaifu, jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa, huvunjika mapema zaidi. Lililo imara halifunguki, na hata waliotengeneza Excel wanasema hawawezi kukurudishia nenosiri ulilolisahau.

Basi mtu akikuahidi kwamba atalifungua faili la namna hii kwa elfu ishirini, muulize atalipeleka wapi. Mara nyingi anakwenda kulipakia kwenye tovuti fulani ya nje ya nchi. Ndani ya faili kuna nini? Majina ya wanachama wenu, namba zao za NIDA, namba za simu, salio la akiba, mkopo, na jina la mdhamini. Mwanachama aliwapa nyinyi taarifa zile. Hakumpa mwenye tovuti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawahusu moja kwa moja mnaotunza taarifa za namna hii, na ina masharti mahsusi kuhusu kuzipeleka nje ya nchi. Nayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inasema anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na bila uhalali anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni tatu au mara tatu ya faida aliyoipata, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Mimi si mwanasheria na sitawachambulia vifungu. Ila tazameni neno linalobeba uzito pale: uhalali. Ruhusa. Haijaandikwa popote kwamba mlango ukiwa dhaifu aliyeingia amesamehewa.

Nimefika mahali ambapo napaswa kuwaambia jambo langu mwenyewe.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilikuwa katika chuo kimoja. Mwalimu mmoja aliniletea shiti ya matokeo ya mwenzake, imelindwa. Jina la mwanafunzi mmoja lilikuwa limekosewa herufi, na mwenye shiti alikuwa amesafiri kwa msiba. Nikaona ni jambo la huruma. Nikaitoa kufuli, nikampa. Yule mwalimu akasahihisha jina. Kisha, kwa kuwa jina limebadilika herufi ya kwanza, akaona orodha haiko tena kwa mpangilio wa alfabeti. Akachagua safu ya majina, akaipanga upya. Programu ikamuuliza kama anataka safu za jirani zihame pamoja, naye akabonyeza kuendelea na safu moja tu.

Mnaojua mmeshashika vichwa. Majina yalihama, alama zikabaki palepale. Kuanzia pale jina lile lilipohamia, hadi pale lilipokuwa zamani, kila mwanafunzi akabeba alama za mwingine. Ukiitazama shiti huoni kasoro, kwa sababu majina ni sahihi, alama ni sahihi, jumla na wastani wa darasa ni uleule. Matokeo yakabandikwa ubaoni. Tuligundua kwa sababu binti mmoja, aliyekuwa wa kwanza katika kila jaribio, alisoma jina lake mbele ya alama 38 na akaondoka chuoni siku ileile bila kumuaga mtu. Ilichukua siku mbili kumpata.

Mwenye shiti aliporudi kutoka msibani akakuta nenosiri lake halipo, shiti iko wazi, jina lake ndilo lililoandikwa chini kama mtunza matokeo. Akaitwa yeye ajieleze. Faili lilikuwa kwenye kompyuta ya mezani, halina historia ya matoleo, kwa hiyo hapakuwa na mahali popote panapoonyesha ni nani aliyegusa na lini. Nilikwenda mwenyewe kwa mkuu wa idara nikasema ni mimi niliyefungua. Lakini nilikuwa nimechelewa siku kadhaa, na mwalimu yule alikuwa ameshazibeba siku hizo peke yake, juu ya msiba wake.

Kwa hiyo ninaposema siwezi, sisemi kwa kiburi cha ufundi. Ninamfikiria mtu ambaye jina lake liko chini ya faili, ambaye hayupo chumbani, na ambaye kesho ataulizwa.

Sasa wengine mtasema, na ni haki yenu kusema, "Faili si mali ya mhasibu. Ni mali ya chama." Kweli kabisa. Mhasibu akiondoka, akiugua, akifariki, chama hakiwezi kusimama kwa sababu nenosiri limekwenda naye. Ndiyo maana yupo msimamizi wa mfumo. Lakini tofautisheni mambo mawili. Kijana wa dawati la pili hana mamlaka juu ya faili la mwenzake hata akiwa na haraka kiasi gani. Chama kina mamlaka hayo, na chama husema kupitia meneja au bodi, kwa maandishi, kwa msimamizi wa mfumo. Hata mimi msimamizi, uwezo nilionao wa kufika kwenye folda zenu zote si mamlaka. Ni dhamana tu. Siutumii kwa kuombwa kwenye korido. Ninautumia nikiwa na karatasi inayosema faili gani, kwa nini, nani ameidhinisha, na mwenye faili amejulishwa au imeshindikana kumpata.

Nikishapata karatasi hiyo, kitu cha kwanza ninachokifanya si kuvunja. Ninatafuta nakala. Kama faili lilikuwa kwenye OneDrive ya ofisi, kuna historia ya matoleo, na mara nyingi lipo toleo la kabla ya nenosiri kuwekwa. Kama lilikuwa kwenye seva, kuna nakala rudufu za usiku. Kama mtumishi ameacha kazi na akaunti yake imefutwa, faili zake za OneDrive hubaki siku 30 tu kwa kawaida, isipokuwa kama muda huo uliongezwa mapema, kwa hiyo msimamizi aombwe mapema, si baada ya robo mwaka. Ukaguzi ukifika mwezi wa sita na mtu aliondoka Januari, hapo hata nikitaka nitakuwa sina la kufanya.

Ipo pia njia moja ambayo vyama vichache vinaijua. Tangu Office ya 2013, msimamizi anaweza kutayarisha ufunguo wa akiba wa ofisi, na kuanzia siku hiyo kila faili la Word, Excel au PowerPoint litakalowekwa nenosiri katika kompyuta za ofisi litakubali pia ufunguo huo. Zana yake inaitwa `DocRecrypt`. Inamwezesha msimamizi kuondoa au kubadilisha nenosiri kihalali, mradi mwenye faili aliambiwa tangu mwanzo kwamba ofisi ina ufunguo wa pili. Ila mpaka wake ni huu: haifanyi kazi kurudi nyuma. Faili lililofungwa kabla ufunguo haujatayarishwa litabaki lilivyo. Hii ni kazi ya kuifanya mvua haijanyesha, nami naomba kila chama chenye kompyuta zaidi ya moja kimuulize msimamizi wake wiki hii kama imefanyika.

Nirudi sasa kwa ule ujumbe tuliomwandikia mhasibu, kwa sababu nimegundua watu wengi hawaombi kwa kuwa hawajui waombe vipi. Wanahofia kuonekana wasumbufu, au wanaandika "Naomba password" na kunyamaza, na mwenye faili akiona maneno hayo matupu anaingiwa na wasiwasi, na ana haki. Sisi tuliandika hivi:

"Dada, hongera kwa mtoto na pole kwa kukusumbua ukiwa likizo. Nimepata barua ya bodi ya kushusha riba iwe asilimia 15 kuanzia Julai 1. Kwenye faili la `Mikopo_Riba.xlsx`, seli `B3` imefungwa. Sijaigusa. Naomba uniambie nifanyeje: nibadilishe hapo, au kuna mahali pengine? Mkopo wa kwanza mpya unatoka Ijumaa. Ukipata nafasi kabla ya hapo nitashukuru. Meneja anajua kwamba nimekuandikia."

Kijana hakuomba nenosiri. Alisema anataka kufanya nini, akauliza njia. Hilo ndilo lililomwezesha mhasibu kusema, "Hapo sipo." Angeomba nenosiri tu, na dada yule kwa uchovu wa mtoto angelituma tu, leja ingeharibika kwa ruhusa kamili. Kuomba vizuri ni kuipa ile sababu iliyofichwa nafasi ya kujitokeza.

Na mwenye faili naye, ukiombwa, huna haja ya kutoa nenosiri lako. Excel inakuruhusu kumfungulia mwenzako seli chache na kuacha nyingine zimefungwa. Kabla hujaifunga shiti, nenda `Review`, kisha `Allow Edit Ranges`, bonyeza `New`, chagua seli unazotaka mwenzako azijaze, uzipe nenosiri lake tofauti, halafu ndipo uifunge shiti kwa `Protect Sheet`. Karani atajaza marejesho ya kila siku, na hatafika kwenye fomula za riba. Kama ni lazima kutoa nenosiri, usilitume kwenye ujumbe uleule uliobeba faili. Faili kwa barua pepe, nenosiri kwa sauti ya simu, na mwenzako akimaliza ulibadilishe.

Yule mhasibu alirudi kazini mwanzoni mwa Septemba. Siku ya pili alikuja ofisini kwangu na karani wake, wamekaa viti viwili mbele ya kompyuta moja. Walikuwa wameandika orodha ya mafaili yote yaliyofungwa ya chama, kumi na moja, na mbele ya kila moja wameandika nani mwenyewe, kwa nini limefungwa, na nani aombwe mwenyewe asipokuwepo. Manenosiri waliyaandika kwenye karatasi nyingine, wakaitia kwenye bahasha, wakaifunga kwa gundi na kusaini juu ya ukingo wake mbele ya meneja, naye akaiweka kwenye sefu. Orodha ya kwanza, ile isiyo na siri, waliibandika ukutani juu ya dawati la karani. Kwenye mstari wa `Mikopo_Riba.xlsx`, safu ya sababu, kijana aliandika kwa mkono wake mwenyewe: "Seli B3 inabeba mikataba ya zamani. Mikopo mipya shiti ya pili."

Asanteni kwa kunisikiliza. Kama kuna maswali, niko tayari.